Michango ya NSSF si mtaji wa kamera

Swali ni lile lile, litoke Katesh, Haydom au Mbulu mjini: "Nikiandika barua ya kuacha kazi nijiajiri, NSSF watanilipa baada ya muda gani?" Hawatakulipa. Fao la kujitoa lilifutwa mwaka 2018, na bado watu wanapanga maisha kwa kulitegemea. Anayekuambia ana mtu wake ndani wa kuharakisha, muulize anaharakisha nini.

Tuseme wewe ni mwalimu wa shule binafsi Katesh, mshahara 600,000, na wikiendi unapiga picha za harusi. NSSF wanakata 60,000, kodi 24,000, unabaki na 516,000. Mwajiri naye anakuwekea 60,000. Baada ya miaka mitano taarifa yako ya michango inasoma 7,200,000, na hapo ndipo kamera mpya inapoanza kuonekana. Fedha hizo ni zako, ila zinasubiri pensheni. Kuacha kazi hakuzifungui.

Kilichopo sasa ni fao la kukosa ajira, nalo ni la aliyepoteza kazi bila kutaka mwenyewe, akiwa amechangia angalau miezi 18. Ndiyo maana wengine wanambembeleza bosi aandike barua ya uongo kwamba wamepunguzwa. Huo ni udanganyifu, na ni wa kijinga pia: mwenye taaluma analipwa theluthi ya mshahara kwa miezi sita tu. Kwa mwalimu wetu ni kama 200,000 kwa mwezi, jumla 1,200,000. Umejiweka kwenye hatari ya kesi, na zile milioni saba hujazigusa. Kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka nacho ni cha anayeachishwa na mwajiri. Ukiondoka mwenyewe, usikihesabu.

Kwa hiyo mtaji utoke kwenye picha zenyewe. Kabla ya kuandika barua, kazi ya pembeni ikulipe 516,000 kwa mwezi baada ya nauli, mafuta na msaidizi, pamoja na 120,000 za michango ambazo sasa utajilipia. Usipime kwa Agosti, watu wakiwa wameuza mavuno. Pima kuanzia Kwaresima, makanisa mengi yakiwa hayafungishi ndoa, hadi mwisho wa masika, barabara za vijijini zikiwa tope.

Haifiki? Baki kazini, upige Jumamosi na likizo za Juni na Desemba, lakini soma mkataba na uombe ruhusa kwa maandishi. Inafika? Toa notisi ya siku 28, kisha endelea NSSF kama mchangiaji wa hiari: miezi 60 uliyochangia inahesabika kwenye 180 za pensheni. TIN uwe nayo, na taasisi ikikukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, dai cheti chake siku hiyo hiyo.