Mstari mmoja kwa siku

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: sehemu kubwa ya tunachojifunza hutupotea ndani ya siku moja tu, kisha kasi ya kusahau hupungua. Ndiyo maana barua pepe ya Jumapili, yenye mistari saba uliyoandika wiki nzima, ina kazi. Inakufikia ukiwa umeanza kusahau, na jitihada ya kukumbuka ndiyo inayokaza kumbukumbu.

Lakini mstari uandikwe vizuri. “Nimejifunza kuhusu kuhara” hausaidii chochote. Andika swali na jibu: “Maji ya chumvi na sukari huchanganywaje? Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta.” Katika barua, maswali yatangulie, majibu yakae chini kabisa. Gmail hukuruhusu kupanga barua iondoke saa unayotaka.

Wengi huharibu hapa: wanasoma majibu moja kwa moja, wanayatambua, wanadhani wanayajua. Jibu kwanza kwa sauti. Ukikosa vipimo vya chumvi, hamishia mstari huo kwenye barua ya wiki ijayo.