Maneno Yanasema Hivi, Tarakimu Zinasema Vile

Kifungu cha 4 kinasomeka hivi: mpangaji atalipa kodi ya pango ya "shilingi milioni mbili na laki nne (Sh 2,040,000) kwa mwezi". Kisome tena polepole. Maneno yanataja 2,400,000, lakini tarakimu zilizo kwenye mabano zinataja 2,040,000. Nne na sifuri zimebadilishana nafasi, na tofauti iliyopatikana ni Sh 360,000 kila mwezi. Kwa mkataba wa miaka mitano, hata kabla ya kuhesabu ongezeko lolote la kodi, hiyo ni Sh 21,600,000.

Mkataba huu ni wa mfano. Nimeuunda kutokana na makosa ninayokutana nayo mara kwa mara katika kazi ya kuhamisha takwimu za mikataba ya upangaji kwenda kwenye jedwali la kompyuta. Kazi hii imeongezeka tangu tarehe 1 Januari 2019, pale kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha kiitwacho IFRS 16 kilipoanza kutumika. Kinazitaka kampuni zinazokifuata zioneshe karibu mikataba yote ya upangaji inayozidi miezi 12 kama deni kwenye mizania. Kampuni yenye maduka arobaini basi inapaswa kujua kodi, muda, tarehe ya kuanza na ongezeko la kila duka. Mtu au programu husoma mafaili, hutoa takwimu na kuzipanga kwenye safu. Baadaye hufika zamu yetu ya kuuliza: je, hivi ndivyo mkataba unavyosema?

Tuanze na ile kodi. Jedwali nililopewa limeandika 2,040,000. Aliyeitoa hakudanganya, maana tarakimu hizo zipo kweli kwenye ukurasa. Tatizo ni kwamba macho hukimbilia tarakimu na kuyapita maneno. Hatua yangu ya kwanza ni kutafuta mahali pengine ambapo mkataba unagusa kiasi hicho hicho. Kifungu cha 5 kinasema kodi italipwa kila baada ya miezi mitatu, kwa awamu za Sh 7,200,000. Gawanya kwa tatu, unapata 2,400,000. Wahasibu pia wana kipimo cha zamani: tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti kati ya kiasi sahihi na kiasi kilichokosewa hugawanyika kwa 9 bila baki. Hapa 360,000 ukiigawa kwa 9 unapata 40,000 kamili. Dalili zote zinaelekea upande mmoja.

Hata hivyo siandiki 2,400,000 na kuendelea na safari. Hapo ndipo wengi huteleza, wakidhani kuhakiki ni kusahihisha. Ni kweli kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hati za malipo inasema maneno na tarakimu zikipingana, kiasi kilichoandikwa kwa maneno ndicho kinacholipwa. Lakini sheria hiyo inahusu hati kama hundi, na huu ni mkataba wa upangaji. Kuamua ni kipi kinachowabana wahusika ni kazi yao wenyewe, mwanasheria wao au mahakama. Kazi yangu ni kuwafikishia mgongano ukiwa mzima. Kwa hiyo kwenye jedwali naandika: "Kinagongana. Maneno: 2,400,000, tarakimu: 2,040,000 (kifungu cha 4, uk. 3). Awamu ya 7,200,000 katika kifungu cha 5 inakubaliana na maneno. Ithibitishwe na wenye mkataba." Anayesoma atajua nilichokiona, nilikokiona, na kwa nini naegemea upande mmoja.

Tarehe ya kuanza ni mtego wa aina nyingine. Jedwali linasema 14 Machi 2022, na tarehe hiyo ipo kweli, juu ya saini. Lakini kifungu cha 2 kinasema muda wa upangaji "utaanza siku mpangaji atakapokabidhiwa jengo", na hati ya makabidhiano haimo kwenye faili. Tarehe imenakiliwa vizuri kabisa, ila inajibu swali jingine, yaani lini watu walitia saini. Kosa hili halionekani kwa kulinganisha tarakimu na tarakimu. Huonekana ukisoma sentensi nzima inayobeba takwimu, na ndiyo maana nasisitiza kila kisanduku kiambatane na maneno yenyewe ya mkataba, namba ya kifungu na ukurasa. Hapa naandika: "Haijulikani kutokana na hati zilizopo. Inategemea hati ya makabidhiano, ambayo haikuambatishwa." Sentensi hiyo inamwambia mtu wa ofisini karatasi ya kwenda kuitafuta.

Kisha kuna amana. Jedwali limeweka sifuri. Nimeusoma mkataba mwanzo hadi mwisho, na neno amana halimo. Sifuri maana yake mkataba umesema hakuna amana. Kutotajwa ni jambo jingine, kwa sababu huenda amana ilipokelewa kwa stakabadhi ya pembeni. Kompyuta nayo hutofautisha mambo hayo mawili. Ukiomba wastani kwa AVERAGE katika Excel, kisanduku kitupu hurukwa, lakini sifuri huhesabiwa na kuushusha wastani. Sifuri iliyowekwa ili safu ionekane imejaa huharibu hesabu ya maduka yote arobaini.

Hata kisanduku kitupu peke yake hakitoshi, kwa kuwa hakielezi sababu ya utupu wake. Mkataba haukutaja? Umetaja, lakini muhuri umefunika tarakimu kwenye nakala iliyoskaniwa? Umetaja kiambatisho ambacho hatukupewa? La kwanza linapelekwa kwa mwanasheria, la pili linamalizwa kwa kuomba nakala halisi, la tatu kwa kutafuta kiambatisho. Kuna pia jambo ambalo limetajwa bila namba. Kifungu cha 11 kinaruhusu kuvunja mkataba "kwa notisi ya kuridhisha", na jedwali limeandika miezi mitatu kwa sababu mikataba mingine ya kampuni hiyo hiyo inasema hivyo. Hiyo ni takwimu ya jirani iliyohamishiwa nyumba isiyo yake. Naifuta na kunakili maneno ya kifungu kama yalivyo.

Kuna mwelekeo wa kusoma ambao husahaulika sana. Ukitoka kwenye jedwali kwenda kwenye mkataba, unahakiki kilichoandikwa tu. Kilichoachwa hutakiona kamwe. Ni lazima uanze upya, safari hii kutoka kwenye mkataba kwenda kwenye jedwali, ukurasa kwa ukurasa, ukiweka alama ya penseli kwenye kila kiasi, tarehe na asilimia, kisha uulize imekwenda wapi. Kwa njia hiyo niliipata, kwenye ukurasa wa mwisho baada ya saini, nyongeza ya aya moja: kodi itapanda kwa asilimia 10 kila baada ya miaka miwili. Jedwali lilikuwa limeandika "hakuna ongezeko". Nyongeza yenyewe nayo ina shaka. Ikiwa kodi ya kuanzia ni 2,400,000, mwaka wa tatu itakuwa 2,640,000. Mwaka wa tano itakuwa 2,904,000 ikiwa asilimia inahesabiwa juu ya kodi iliyokwisha panda, au 2,880,000 ikiwa inahesabiwa juu ya kodi ya mwanzo. Aya haisemi, kwa hiyo naandika hesabu zote mbili.

Jedwali lilipokuja, visanduku vyake vyote vilijaa na lilionekana limekamilika. Linaporudi, katika safu tano nilizozitaja hakuna hata moja iliyobaki kama ilivyokuja, na zote zina swali la kupelekwa kwa mtu fulani. Bosi anaweza kukasirika kuona kazi inarudi na maswali. Nawe ukiletewa jedwali la mikataba arobaini lisilo na shaka hata moja, omba na kurasa zake, uchague mikataba mitatu, uisome mwenyewe kabla hujatia saini.