Mteja Anauliza Pakiti Ipi

Tarehe 9 Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini Kenya, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa chapa tano za unga wa mahindi: Dola, Kifaru, Starehe, 210 na Jembe. Sababu ilikuwa aflatoksini, sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri, ambayo ilipatikana kwa kiwango kinachozidi kile kinachokubaliwa, yaani mikrogramu 10 kwa kila kilo ya unga. Kampuni ziliagizwa kuondoa bidhaa zao madukani. Tangazo la aina hiyo hutaja chapa, nayo chapa ni jina la pakiti nyingi mno. Mzazi wa mtaa wa Jamhuri aliyekuwa na pakiti ya kilo mbili, nusu imeshaliwa, hakuwa na haja ya kujua historia ya kiwanda. Alitaka kujua kama unga ulio mkononi mwake ni miongoni mwa ule uliokataliwa, na kama ndivyo, aupeleke wapi. Jibu hilo liko kwa kampuni, kwa kuwa ndiyo inayojua mahindi gani yalisagwa siku gani na yakapelekwa duka gani. Ndiyo maana naona kwamba ukali wa kujitetea katika taarifa kwa vyombo vya habari hauondoki kwa kulainisha maneno. Huondoka pale taarifa inapoacha kujibu swali la kampuni, "tutaonekanaje?", ikajibu la mteja.

Tuchukue taarifa ya mfano. Nimeitunga mwenyewe wala si ya kampuni yoyote kati ya hizo tano, lakini msomaji wa magazeti atautambua mtindo wake: "Kampuni yetu, ambayo kwa miaka mingi imewapa Wakenya unga wa ubora wa hali ya juu, imesikitishwa na habari zinazosambaa kuhusu bidhaa zetu. Vipimo vyetu havijaonyesha tatizo lolote. Hata hivyo, kwa kuwa usalama wa wateja ndio kipaumbele chetu, tumeamua kwa hiari kuondoa baadhi ya bidhaa sokoni kama tahadhari. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Isome tena ukiwa na pakiti mkononi. "Baadhi ya bidhaa" ni zipi? Kinachoisikitisha kampuni ni habari, si unga. "Kwa hiari" si kweli, kwani agizo la KEBS limekwisha kutangazwa, na mwandishi wa habari yeyote ataziweka karatasi hizo mbili kando kwa kando. Na radhi inaombwa kwa usumbufu ambao huenda ulijitokeza wenyewe, bila aliyeusababisha wala aliyeupata.

Sasa tuiandike upya. "Usile unga wetu wa mahindi wa pakiti ya kilo 2 wenye nambari hii ya bechi, iliyochapwa juu ya pakiti karibu na tarehe ya kuharibika. KEBS imepima sampuli ya bechi hiyo na kukuta aflatoksini kupita kiwango kinachoruhusiwa cha mikrogramu 10 kwa kilo. Kiasi kilichopatikana ni hiki. Kupika hakuondoi sumu hii. Rudisha pakiti dukani hata kama imefunguliwa, nawe utarudishiwa pesa zako bila kuonyesha risiti. Unga huu tuliusaga na kuuza sisi, na tunaomba radhi. Bado hatujajua sumu iliingia wapi. Tunachunguza mahindi yaliyosagwa wiki hiyo, na Ijumaa tutatangaza tulichokipata." Penye "hii" na "hiki" huwekwa nambari kamili. Sentensi ya kwanza ni amri, tena fupi, kwa sababu redioni huenda ndiyo pekee itakayosomwa. Mahali pa kuchapwa nambari hutajwa kwa kuwa watu wengi hawajawahi kuitafuta. Risiti haidaiwi, maana ni nani anayetunza risiti ya unga?

Taarifa hii ni tulivu bila kumwambia mtu atulie. "Hakuna haja ya kuwa na hofu" ni sentensi ambayo kila anayeisoma huanza kuogopa. Utulivu huletwa na mipaka iliyo wazi: bechi hii na si nyingine, kiasi hiki, madhara ya namna hii. Hapa kampuni ina jambo la kweli la kusema. Mwaka 2004, sumu hii iliua watu 125 nchini, hasa Makueni na Kitui, na baadhi ya sampuli za mahindi zilizopimwa wakati huo zilipita mikrogramu 1,000 kwa kilo. Unga uliopita kiwango kidogo tu hauko katika daraja hilo. Hatari yake kubwa ni ya kuula kwa muda mrefu, ambapo ini hudhurika na uwezekano wa saratani kuongezeka. Lakini maelezo hayo yana haki ya kuandikwa tu endapo kiasi kilichopimwa kimetajwa. Bila nambari, yanakuwa porojo za kupunguza uzito wa kosa.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa meneja wa kiwanda: maabara yetu haikukuta kitu, kwa nini tukubali? Pengine anasema kweli. Aflatoksini haisambai sawasawa katika shehena. Punje chache zilizoota kuvu zinaweza kubeba sumu yote, huku gunia zima lililobaki likiwa safi. Kwa hiyo sampuli mbili za shehena moja zinaweza kutoa majibu tofauti bila maabara yoyote kukosea. Lakini hoja hiyo hiyo inamgeukia, kwani sampuli safi haithibitishi kwamba shehena ni safi. Mvutano kama huo ulionekana Aprili 2024, wakati NAFDAC, mamlaka ya chakula na dawa ya Nijeria, ilipotangaza kukuta kemikali yenye sumu, diethilini glaikoli, katika bechi ya dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin, nayo Bodi ya Famasia na Sumu hapa Nairobi ikaagiza bechi hiyo iondolewe. Kampuni ya Kenvue, yenye chapa hiyo, ilisema kwamba vipimo vyake havikuikuta kemikali hiyo. Kutaja tofauti ya vipimo si kosa. Kosa ni kuitanguliza, mama akadhani anaweza kuendelea kuitumia chupa wakati wakubwa wakibishana. Ikae mwishoni, pamoja na idadi ya sampuli zilizopimwa na jina la maabara.

Wakili naye atasema kwamba kila neno la kukiri litasomwa mahakamani. Hofu yake ina msingi, ila inachanganya mambo. Kusema tuliuza bechi hii, na kwamba imepimwa ikazidi kiwango, ni kueleza jambo ambalo KEBS imekwisha kuliandika. Kusema tulizembea ni hukumu, na hakuna anayeitaka siku ya kwanza. Wakili na apitie rasimu kuhakikisha chanzo hakibahatishwi, lakini asifute bechi wala maelekezo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata taarifa, ya kulindwa afya yake na ya kufidiwa hasara. Kampuni iliyonyamazia bechi itakuwa na kazi ngumu zaidi mbele ya hakimu kuliko iliyoitaja.

Panapobaki ugumu wa kweli ni kwenye kumbukumbu. Kiwanda ambacho hakiandiki mahindi ya msambazaji gani yaliingia kwenye kinu siku gani hakiwezi kutaja bechi hata kikitaka. Hapo taarifa ya kweli ni moja tu: "Hatuwezi kutenganisha pakiti salama na zisizo salama, kwa hiyo rudisheni zote za mwezi huu." Ni ghali, na meneja atapinga. Taarifa ya Ijumaa ndiyo itakayoonyesha kama alisikiliza: itaje pakiti ngapi zimerudi kati ya zilizouzwa, na kama mahindi yalipokewa yakiwa na unyevu kupita asilimia 13.5, iseme hivyo, pamoja na nani aliyeyapokea lori likiwa langoni, kwa cheo chake bila jina.