Kipamba Kikitoka Cheupe, Je, Uso Umetakata?

Usiku wa harusi ya binamu yangu, Tanga, ilikuwa saa saba tulipoketi naye kitandani kumfuta uso. Mpambaji alikuwa amempaka faundesheni ya kukaa siku nzima, poda juu yake, maskara isiyotoka kwa maji, kisha akamalizia na dawa ya kupulizia ili mapambo yasiyeyuke kwa jasho. Nyumbani maji ya bomba yalikuwa yamekatika. Tulichokuwa nacho ni chupa ya maji ya miseli na pakiti ya vipamba vya duara.

Kipamba cha kwanza kilitoka na rangi ya udongo. Cha pili kilikuwa kama chai ya maziwa. Cha sita kikatoka cheupe. Shangazi akasema, "Basi mwanangu, lala. Ushatakata." Hakuna aliyembishia, maana hata chupa yenyewe iliandikwa kwamba hakuna haja ya kusuuza.

Asubuhi maji yaliporudi, bibi harusi alichovya kitambaa cheupe kwenye maji ya vuguvugu akajipangusa taratibu. Kitambaa kilibeba rangi kutoka pembeni mwa pua, chini ya kidevu na kwenye mstari wa nywele. Kwenye kope kulikuwa na punje nyeusi za maskara, na uso mzima ulikuwa unanatanata. Kipamba cheupe kilikuwa kimetudanganya, na tangu siku hiyo nimetaka kuelewa ni kwa vipi.

Maji haya yanaonekana kama maji ya kunywa, lakini ndani yake mna molekuli za jamii ya sabuni zilizochaguliwa kwa upole wake. Kila molekuli ina pande mbili zisizopatana: kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia maji na kupenda mafuta. Zikiwa chache, hujipanga juu kabisa ya maji, vichwa vikiwa majini na mikia ikiwa hewani. Ukiziongeza, hufika kiwango ambacho nafasi ya juu imejaa. Hapo zile zinazobaki hukusanyika ndani ya maji na kuunda vijitufe: mikia hujificha katikati isiguswe na maji, vichwa hukaa nje. Kijitufe hicho ndicho miseli.

Miseli moja ina upana wa nanomita chache tu, ilhali unywele mmoja una upana wa nanomita 80,000 hivi. Ndiyo maana kimiminika hiki ni angavu. Matone ya mafuta yaliyomo kwenye maziwa ni makubwa kiasi cha kutawanya mwanga, na maziwa yakaonekana meupe. Miseli ni ndogo mno, mwanga hupita kana kwamba hakuna kitu.

Elimu ya miseli si ngeni. Wanakemia wa sabuni waliijua tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na povu lolote la kufulia lina miseli ndani yake. Kilichokuwa kipya ni wazo la kutengeneza maji ya miseli mepesi ya kufutia uso, yanayoweza kuachwa juu ya ngozi. Kampuni ya Kifaransa ya Bioderma ilitoa maji yake ya aina hiyo mwaka 1995, yakilenga ngozi nyepesi kudhurika, na baadaye kampuni nyingine zikafuata.

Matangazo mengi husema miseli huvuta uchafu kama sumaku. Si hivyo. Miseli haina nguvu ya kuvuta kitu kilicho mbali nayo. Ukilowesha kipamba na kukigusisha shavuni, molekuli huachana na vijitufe vyao na kuhamia pale maji yanapokutana na mafuta. Mikia huzama kwenye mafuta ya ngozi au kwenye faundesheni, vichwa hubaki majini. Tabaka la mafuta hulegea, hukatika vipande vidogo, na vipande hivyo huweza kuchanganyika na maji ambayo awali yangevikataa. Vumbi lililokuwa limenaswa kwenye mafuta huachiwa pia. Chumvi ya jasho haihitaji miseli, kwani huyeyuka kwenye maji yenyewe.

Hadi hapo uchafu umelegea tu. Haujaondoka. Kinachouondoa ni pamba, maana nyuzi zake hufyonza ule mchanganyiko na kuubeba. Mtu anayenawa kwa sabuni ya uso hufanya kazi hiyohiyo mara mbili: povu hulegeza, kisha maji mengi huchukua kila kitu na kwenda nacho kwenye beseni. Kwa maji ya miseli, kipamba kimoja chenye mililita nne hivi hubebeshwa kazi ya beseni zima. Kikishajaa, hakiongezi kubeba, hutandaza. Na pale kisipofika vizuri, kwenye mikunjo ya pua, kwenye vinyweleo vya paji la uso, nyuma ya kope, mchanganyiko uliolegea hubaki na kukauka.

Hapa ndipo siri ya kipamba cheupe. Weupe unakuambia kwamba pale ulipopita mara ya mwisho hapana tena rangi iliyo tayari kuhama. Haukuambii lolote kuhusu ulipopita juujuu, wala kuhusu vitu visivyo na rangi, kama sanskrini nyingi, mafuta ya ngozi na ile dawa ya kupulizia.

Kuna pia kinachobaki kutoka kwenye chupa yenyewe. Tuseme baada ya kufuta, nusu mililita imesalia usoni. Maji hupaa, lakini molekuli za kusafishia hazipai pamoja nayo, wala gliserini, wala vihifadhi, wala manukato kama yamo. Zote hukaa juu ya ngozi hadi utakaponawa. Watengenezaji wanajua hilo, ndiyo sababu huchagua molekuli pole, aghalabu zile ambazo vichwa vyake havina chaji ya umeme, na kuziweka kwa kiasi kidogo. Kwenye orodha ya viambato utaona majina kama Poloxamer 184, PEG-6 Caprylic/Capric Glycerides au Polysorbate 20. Watu wengi hawadhuriki kwa kuziacha. Wengine, hasa wenye ngozi kavu au yenye ukurutu, huanza kuhisi mwasho au ukavu baada ya siku kadhaa, bila kujua kwamba chanzo ni kile wanachokiita maji tu.

Kwa hiyo upole na udhaifu wa maji haya vinatoka shina moja. Ili yaweze kuachwa usoni, lazima yawe mepesi. Yakiwa mepesi, hayawezi kupambana na kitu kilichotengenezwa kwa makusudi kisitoke. Maskara ya kuzuia maji na faundesheni za kudumu hushikiliwa na nta, silikoni na utando unaokauka kama rangi ya ukutani. Sanskrini inayostahimili jasho ina utando wa namna hiyohiyo. Vitu hivi hulainishwa vizuri zaidi na mafuta au zeri ya kusafishia, au na kile kimiminika cha tabaka mbili kinachotikiswa kabla ya kutumiwa, ambacho juu kina mafuta na chini kina maji. Baada ya mafuta hayo kunawa ni lazima.

Je, basi maji ya miseli yanaweza kushika nafasi ya kunawa kwa sabuni ya uso? Jibu linategemea siku ilivyokuwa. Asubuhi, uso ambao jana ulioshwa vizuri una mafuta kidogo na jasho la usiku. Kipamba kimoja au viwili vinatosha, na mwenye ngozi kavu anaweza kunufaika kwa kuepuka sabuni mara mbili kwa siku. Vivyo hivyo kwa mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, kwa msafiri aliye ndani ya basi, na kwa siku ambayo bomba limekauka.

Kuna na watu wa maeneo yenye maji magumu ya kisima, ambako sabuni ya kipande haitoi povu ila huacha ukoko mweupe. Ukoko huo ni asidi za mafuta za sabuni zilizoungana na kalisiamu ya kwenye maji. Hukaa hata kwenye ngozi, na sabuni ya kipande yenyewe ina alikali nyingi, pH 9 hadi 10, ilhali uso wa ngozi uko karibu na 5. Mtu anayehisi ngozi inambana kila anaponawa kwa sabuni hiyo atapata nafuu kwa maji ya miseli. Lakini hapo analinganisha na sabuni isiyofaa uso. Angelinganisha na sabuni ya uso iliyo laini, isiyo na alikali kali, tofauti ingepungua sana.

Jioni ni habari nyingine. Uso uliopakwa sanskrini, ukatoka jasho kwenye daladala, ukapigwa vumbi na moshi, ukapakwa poda mara mbili, unahitaji hatua mbili. Kwanza lowesha kipamba hadi kishibe, kwa sababu kikavu hukwaruza. Kiweke juu ya jicho lililofumbwa na uhesabu hadi 20 kabla ya kukitelezesha kuelekea chini, ili molekuli zipate muda wa kuingia kwenye maskara. Pangusa mashavu kwa mwelekeo mmoja, geuza upande, kisha chukua kingine. Usisugue. Kwenye ngozi nyeusi, msuguano wa kila siku unaweza kuleta uvimbe mdogo usioonekana, na uvimbe huo ukipona huacha madoa meusi yanayokaa miezi. Ukiona unalazimika kusugua, jua kwamba kilichopo usoni kinahitaji mafuta, hakihitaji nguvu.

Baada ya hapo, sabuni ya uso kidogo, kama punje ya njegere, na maji ya kutosha kwa nusu dakika hivi. Maji ya miseli yamepunguza mzigo mzito, sabuni inamalizia, na maji ya kusuuza yanaondoa vyote viwili. Hata mfukoni hesabu inakubali. Anayetegemea vipamba vitatu kila jioni, mililita nne kila kimoja, humaliza chupa ya mililita 400 kwa mwezi mmoja hivi. Anayetumia kimoja kisha akanawa, chupa ileile humfikisha miezi mitatu. Na kama sabuni huna kabisa, suuza kwa maji matupu. Hata hayo huondoa sehemu kubwa ya kilicholegea.

Kipimo changu sasa si kipamba tena. Ni kitambaa cheupe kilichochovywa kwenye maji ya vuguvugu, kikapitishwa pembeni mwa pua na kwenye mstari wa nywele. Shangazi naye ameanza kukitumia. Mwezi uliopita, binti yake alipotoka kwenye sherehe na kutaka kulala baada ya vipamba vitatu, alimkabidhi kitambaa na kumwambia, "Hiki kwanza, mwanangu. Kikitoka hivihivi kilivyo, ndipo ulale."