Namba Yako, Laini ya Mwizi

Alasiri ya tarehe 9 Januari 2024, akaunti ya X ya tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani, SEC, ilitangaza kwamba mifuko ya uwekezaji inayofuata bei ya Bitcoin imeruhusiwa kuuzwa. Wafanyabiashara walikuwa wakiisubiri habari hiyo kwa hamu, na bei ya Bitcoin ikaruka kwa zaidi ya dola 1,000. Kama robo saa baadaye mwenyekiti wa tume, Gary Gensler, aliandika kwenye akaunti yake mwenyewe kwamba tangazo lile ni la uongo na kwamba akaunti ya tume imeingiliwa. Bei ikaporomoka kwa zaidi ya dola 2,000.

Aliyefungua njia hakugusa kompyuta yoyote ya tume. Alikwenda dukani. Kesi iliyofuata ilieleza jinsi kijana huyo alivyoletewa na wenzake taarifa za mtu ambaye namba yake ya simu ilikuwa imeunganishwa na akaunti ile. Akachapa kitambulisho bandia, akaingia kwenye duka la kampuni ya simu mjini Huntsville, Alabama, akasema simu yake imeharibika na anahitaji laini mpya. Akapewa. Akanunua iPhone, akatia laini, akapokea namba za uthibitisho na kuwapelekea wenzake. Kisha akaendesha gari hadi Birmingham, akairudisha simu ile dukani na kuchukua fedha zake. Mei 2025 alihukumiwa kifungo cha miezi 14.

Ili kuelewa kwa nini safari moja ya dukani ilitosha, inabidi kujua namba ya simu inakaa wapi. Kadi ndogo unayotia kwenye simu ina utambulisho wake na ufunguo wake wa siri, lakini namba yako imeandikwa kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu, pamoja na utambulisho wa laini inayoibeba leo. Ukipoteza simu na kwenda kurudisha laini, mhudumu anabadilisha maandishi hayo tu: namba ni ile ile, laini ni nyingine. Kuanzia dakika hiyo kadi ya zamani inakufa, na simu na meseji zote zinaelekea kwenye mpya. Ni huduma ya lazima, kwa sababu watu hupoteza simu kila siku. Ndiyo maana haiwezi kufungwa kabisa, na usalama wake unategemea mhudumu aliye mbele ya kompyuta, ambaye anaweza kudanganywa au kuhongwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walijaribu kuhamisha laini za malipo ya kabla katika kampuni 5 za Marekani. Walijaribu mara 50, wakafaulu mara 39.

Wengi wanadhani hatari inaishia kwenye ile namba ya tarakimu sita inayotumwa kwa meseji. Kwangu mimi, kubwa zaidi ni tahadhari. Benki ikikuandikia kwamba nywila imebadilishwa, au barua pepe ikikuonya kwamba mtu ameingia kutoka kifaa kipya, onyo hilo linapita njia ile ile iliyokwisha kutekwa. Mwizi ndiye anayelisoma. Wewe simu yako iko kimya, na ukimya huo unaufasiri kuwa mtandao unasumbua. Kufuli na kengele vyote vinategemea waya mmoja, na waya huo umekatwa dukani.

Programu ya uthibitisho, kama Google Authenticator, inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Siku unapoiunganisha na akaunti, unapiga picha mchoro wa miraba ulio kwenye skrini. Ndani ya mchoro huo kuna siri ndefu inayohifadhiwa kwenye simu yako na kwenye mtambo wa huduma husika. Baada ya hapo simu inachanganya siri hiyo na saa ya wakati huo na kutoa tarakimu sita, kwa kawaida kila sekunde 30. Mtambo nao unapiga hesabu ile ile upande wake. Hakuna meseji inayotumwa, na hata simu isiyo na laini inatoa namba sahihi. Atakayerudisha laini yako hapati chochote, kwa kuwa siri haikuwa kwenye laini.

Kuna pia ombi la idhini. Mtu akijaribu kuingia, skrini ya simu uliyokwisha kuisajili inakuuliza kama ni wewe, mara nyingi ikionyesha kifaa na mahali. Ombi hilo linapita kwenye intaneti hadi kwenye kifaa chenyewe, si kwenye namba. Na hili ndilo linalonifanya nilipende kuliko meseji: lenyewe ni tahadhari, na linakufikia kabla mlango haujafunguliwa.

Lina udhaifu wake, lakini. Septemba 2022 mtu aliyekuwa na nywila ya mkandarasi wa kampuni ya Uber alijaribu kuingia tena na tena, na kila mara mkandarasi akaletewa ombi. Mwishowe akalikubali moja, na mvamizi akaingia kwenye mifumo ya kampuni. Ndiyo sababu baadhi ya huduma sasa zinakutaka uandike kwenye simu namba inayoonekana kwenye skrini ya anayeingia. Ombi ambalo hukulianzisha wewe likataliwe, kisha ubadilishe nywila mara moja, maana kuna mtu anayeijua. Tarakimu sita za programu nazo zinaweza kuibwa ukiziandika kwenye tovuti ya bandia.

Turudi kwa SEC, kwa sababu kuna jambo ambalo wengi hulipita. Ulinzi wa hatua ya pili ulikuwa umezimwa kwenye akaunti ile tangu Julai 2023, kwa ombi la wafanyakazi waliopata shida ya kuingia. Walioshika namba waliomba nywila mpya, na namba peke yake ikatosha. Kwa hiyo kuweka programu ya uthibitisho huku namba ya simu ikibaki kuwa njia ya kurejesha akaunti ni kazi nusu. Kwenye Google, fungua `Security`, weka `Authenticator`, chukua zile namba za akiba na uziandike kwenye karatasi utakayoihifadhi nyumbani, kisha ondoa namba ya simu kwenye hatua ya pili na kwenye urejeshaji. Fuata mpangilio huo. Ukiondoa namba kabla ya kuwa na akiba, siku simu ikiibwa utajifungia nje mwenyewe. Anza na barua pepe, kwa kuwa akaunti nyingine nyingi hurejeshwa kupitia hiyo. WhatsApp husajiliwa kwa meseji, hivyo huko weka ile siri ya tarakimu sita iliyo chini ya `Two-step verification`.

Pesa za simu haziponi kwa dawa hii, kwani akaunti yake imefungwa kwenye laini yenyewe, na namba ya siri ndiyo kinga inayobaki. Isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Nchini Tanzania, `*106#` inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Ukiona simu imepoteza mtandao mahali ambapo wenzako wa kampuni ile ile wanaupata, izime na kuiwasha. Ukibaki bila mtandao, piga namba yako kwa simu ya jirani. Ikiita huko huku yako imenyamaza, namba imehama. Usidanganywe na waifai, kwani kwa waifai mazungumzo ya WhatsApp yanaweza kuendelea huku laini imekwisha kufa. Kwa simu hiyo hiyo ya jirani, pigia kampuni ya simu waifunge laini, kisha benki, halafu ingia kwenye barua pepe na uwatoe wote walioingia.