Kusoma mkataba wa franchaizi kabla ya kutia saini

Mkataba wa franchaizi humpa mwendeshaji haki ya kufanya biashara kwa jina, nembo na taratibu za mwenye chapa, naye huilipia haki hiyo kwa muda wote wa mkataba. Tanzania haina sheria mahsusi ya franchaizi inayomlazimu mwenye chapa kumfunulia mwombaji hesabu zake kabla ya saini. Nchini Afrika Kusini, sheria ya mwaka 2008 ya kumlinda mlaji humpa mwendeshaji siku 10 za kazi za kujitoa bila gharama wala adhabu. Mwendeshaji wa Tanzania hutegemea zaidi Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kwa hiyo kinga asiyoiandikisha mapema ni vigumu kuipata baadaye.

Chukua mfano wa kubuni: mgahawa wa kuku wa kukaanga jijini Dodoma, chini ya chapa yenye makao Dar es Salaam. Ada ya kuingia ni shilingi milioni 40, mrabaha ni asilimia 6 ya mauzo, mchango wa matangazo ni asilimia 2, na mkataba ni wa miaka 5. Mauzo yanakadiriwa kuwa milioni 30 kwa mwezi, VAT ikiwemo.

Kwenye ada, cha kutafuta kwanza ni maana ya “mauzo”. Asilimia 8 ya milioni 30 ni milioni 2.4. Lakini ndani ya milioni 30 hizo imo VAT ya asilimia 18, ambayo ni fedha ya serikali. Ikiondolewa, mauzo hubaki kama milioni 25.4, na asilimia 8 yake ni milioni 2.03. Tofauti ni takriban shilingi 366,000 kila mwezi, karibu milioni 22 kwa miaka 5. Kifungu kinachofaa hutaja mauzo baada ya kuondoa VAT na fedha zilizorudishwa kwa wateja. Pia kisemwe wazi nani anabeba kodi ya zuio ya asilimia 15 inayokatwa kwenye mrabaha. Mkataba ukidai mrabaha ufike kwa mwenye chapa “bila makato”, mzigo huo humwangukia mwendeshaji.

Eneo nalo lisomwe na ramani mezani. Kifungu kinachotoa haki ya pekee ndani ya kilomita 3 kutoka Nyerere Square huonekana kizuri, kwa kuwa ndipo katikati ya mji. Hata hivyo Mtumba, ulipo Mji wa Serikali na watumishi wanaotafuta chakula cha mchana, na Chuo Kikuu cha Dodoma huachwa nje. Mwenye chapa anaweza kumkabidhi mtu mwingine maeneo hayo bila kuvunja mkataba. Ni salama zaidi kutaja kata kwa majina, kueleza nani anaruhusiwa kupeleka oda za bodaboda ndani ya eneo, na kumzuia mwenye chapa mwenyewe kufungua tawi humo.

Masharti ya ugavi ndiyo huficha malipo makubwa zaidi. Tuseme mafuta ya kupikia, viungo na vifungashio lazima vitoke kwa mwenye chapa. Vitu ambavyo sokoni vingegharimu milioni 10 kwa mwezi vikiuzwa kwa milioni 11.5, ile milioni 1.5 ya ziada ni karibu asilimia 6 ya mauzo yasiyo na VAT. Hivyo asilimia 8 iliyotangazwa inakuwa karibu 14. Ishara ya hatari ni mkataba unaosema bei itakuwa “kama itakavyopangwa” bila kanuni ya kuipanga. Viungo vya siri vinaweza kubaki kwa mwenye chapa. Mafuta ni jambo jingine: Dodoma na Singida hulima na kukamua alizeti, kwa hiyo mwendeshaji aombe ruhusa ya kununua jirani mafuta yanayokidhi kipimo kilichoandikwa. Aombe pia haki ya kununua kwingine mzigo ukichelewa.

Mwisho ni gharama za kutoka. Mkataba wa mfano unamtaka anayetoka mapema kulipa mrabaha na mchango wa miezi iliyosalia. Akiondoka mwisho wa mwaka wa 3, miezi 24 kwa milioni 2.03 ni karibu milioni 49, zaidi ya ada ya kuingia. Sheria ya Mikataba humwezesha hakimu kutoa fidia ya kiasi kinachostahili bila kuzidi kilichotajwa, lakini kesi huchukua muda na fedha. Afadhali kuweka kikomo, kwa mfano miezi 6, na haki ya kuuza biashara kwa mtu anayekidhi vigezo vilivyoandikwa. Pango la jengo lisizidi muda wa franchaizi, la sivyo mwendeshaji ataendelea kulipia fremu asiyoruhusiwa kuuzia kuku, kwa sababu kifungu cha kutoshindana kinaweza kumzuia hata akishashusha bango. Kifungu hicho kiwe na muda mfupi na eneo dogo. Mkataba useme pia nani atanunua majiko na shehena iliyobaki, na kwa bei gani.

Kabla ya saini, nembo yenyewe ihakikiwe BRELA: imesajiliwa kwa jina la nani, kwa huduma zipi, na usajili unaisha lini. Asiye mmiliki wa nembo wala mwenye idhini ya mmiliki hana haki ya kuikodisha.