Maneno ya Kuazima kwa Anayekujibu

Mchukue mama mfanyabiashara wa Bujumbura, kwao Ngozi, anayeagiza vigae na mabomba kupitia bandari ya Dar es Salaam. Kirundi ndiyo lugha yake ya kwanza, Kifaransa alikipata shuleni, na Kiswahili alikiokota sokoni. Akizungumza hakuna anayemcheka. Kazi huanza anaposhika simu kuandika. Jumatatu moja anamwandikia wakala wake wa forodha:

"Nataka unitumie makaratasi ya mzigo leo. Kwa nini umechelewa?"

Kisarufi ujumbe huo hauna kasoro, ila umeingia bila hodi. Hakuna salamu, na ombi limekuja kwa sura ya amri. Wakala, aliyezaliwa na Kiswahili mdomoni, hasemi lolote kuhusu hayo. Anajibu tu:

"Salaam mama, habari za tangu juzi? Ujumbe wako nimeupata. Samahani kwa kuchelewa kukujibu. Nyaraka za mzigo bado hazijatoka forodhani, zikitoka tu nitakutumia. Naomba uvute subira."

Wengi wangesoma jibu hilo kwa ajili ya habari iliyomo, nyaraka bado, kisha simu ikarudi mfukoni. Lakini ndani yake mna somo la uandishi ambalo mama hakulilipia. Yeye aliandika "makaratasi", amejibiwa kwa "nyaraka". Aliingia moja kwa moja, amejibiwa kwa salamu. Aliuliza kwa ukali kuhusu kuchelewa, na neno hilohilo limemrudia likiwa limevaa adabu: "samahani kwa kuchelewa". Wakala amemsahihisha bila kumsahihisha.

Masahihisho ya kimyakimya ya namna hii yamechunguzwa. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha utafiti uliofanyika katika madarasa ya Kanada ambamo watoto wanaozungumza Kiingereza husomeshwa kwa Kifaransa. Mara nyingi mtoto alipokosea, mwalimu hakumwambia amekosea, bali alirudia maneno yake yakiwa yamenyooka na somo likaendelea. Njia hiyo ilichukua zaidi ya nusu ya masahihisho yote. Lakini ndiyo pia iliyoitikiwa kidogo kuliko zote, kwa kuwa chini ya theluthi moja tu ndiyo iliyomfanya mwanafunzi aonyeshe kwamba ameisikia. Huenda mtoto alidhani mwalimu anakubaliana naye.

Darasani sauti hupita na kupotea. Jibu la maandishi hubaki. Mama wa Bujumbura anaweza kuufungua ujumbe wake na wa wakala usiku, akaulaza mmoja kando ya mwingine na kuona palipobadilika. Hapo ndipo daftari la misemo linapoanzia, na ndiyo sababu majibu yanafaa kuliko kitabu cha barua za mfano. Kitabu hakijui kwamba kinachomsumbua ni vigae vilivyokwama bandarini, ilhali jibu limeandikwa kwa shida yake hasa.

Hata hivyo wazo la kujifunzia barua halisi si geni. Mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, alichapisha mkusanyiko wa maandishi ya Waswahili wenyewe kwa hati ya Kiarabu, zikiwemo barua, ili wanafunzi wasome Kiswahili kama kilivyoandikwa pwani.

Kutoka jibu hadi daftari

Daftari lenyewe halihitaji makubwa. Kurasa za daftari la shule zinatosha, na anayependa kompyuta atatumia jedwali. Kila mstari una mambo manne: kazi inayofanywa na sentensi, sentensi yenyewe, nani alimwandikia nani, na tarehe. Kinachoamua mpangilio ni kazi ya sentensi. Mtu anapokaa kuandika haulizi maneno yanayoanza kwa herufi B. Anauliza: niombeje radhi, nikumbusheje deni, nikataeje bila kuvunja urafiki?

Jibu la wakala linatoa mistari mitano. "Habari za tangu juzi?" inakwenda kwenye kufungua, kwa mtu ambaye mmeonana au kuandikiana karibuni. "Ujumbe wako nimeupata" ni kukiri kupokea. "Samahani kwa kuchelewa kukujibu" ni kuomba radhi. "Bado hazijatoka, zikitoka tu nitakutumia" ni kuahidi bila kujifunga kwa siku. "Naomba uvute subira" ni kutuliza.

Baada ya hapo sentensi huvuliwa mambo ya siku ile, majina, kiasi cha fedha na namba za malipo, ili libaki umbo la kujazwa. Hapa Kiswahili kina mtego wake. Katika lugha nyingine mtu anaweza kufuta neno moja, akaacha tundu, kisha akapachika lolote. Kiswahili hakikubali. Ukiandika "____ bado hazijatoka" na kesho ukapachika "mzigo", umeharibu, kwa sababu mzigo haujatoka, kontena halijatoka, vigae havijatoka, mabomba hayajatoka. Nomino ikibadilika, kitenzi nacho kinabadilika. Kwa hiyo mwenye daftari makini haachi tundu tupu. Anaandika sentensi nzima mara tatu au nne kwa vitu anavyovitaja kila wiki, na chini yake kipande cha pili: ukitoka tu, likitoka tu, vikitoka tu, yakitoka tu. Mistari hiyo minne itamfaa mama huyu zaidi ya jedwali zima la ngeli, kwani ni ya vitu vyake mwenyewe.

Baadhi ya vipande ni bora viachwe kama vilivyo. "Vuta subira" ni kimoja. Ukisema "burura subira" au "shika kamba ya subira" utaeleweka, lakini msomaji atatabasamu pasipotakiwa tabasamu. Alama ya kumtambulisha msemo wa aina hii ni kwamba maana yake haipatikani kwa kujumlisha neno na neno.

Jibu si swali

Kosa kubwa katika kazi hii linatokana na asili yake. Kinachokusanywa ni majibu, na jibu husemwa na mtu aliyeko upande wa pili. Kiswahili kina maneno mengi yanayokwenda mawili mawili: hodi na karibu, asante na karibu, shikamoo na marahaba. Kijana anayemwandikia mzee "Shikamoo" hujibiwa "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Akiliandika "marahaba" chini ya salamu bila maelezo, kisha akamfungulia nalo mzee mwingine barua, amejipandisha umri kwa neno moja. Mzee hatasahihisha. Atanyamaza, na barua itakosa jibu.

Hali ni hiyo hiyo kwa ofisi. Ofisi ya serikali Tanzania inaweza kumjibu mtu kwa "Tafadhali rejea barua yako ya tarehe" fulani, kisha ikaendelea, "Unatakiwa kuwasilisha nakala ya leseni." Sentensi ya kwanza inaazimika. Mwananchi ataigeuza iwe "Tafadhali rejea barua yenu", na barua yake itaonekana imeandikwa na mtu anayejua taratibu. Ya pili haiazimiki. Ofisi ndiyo inayomtaka mtu awasilishe, na mtu akiiandikia ofisi "mnatakiwa kunipa leseni" ameipa amri. Kwake yeye umbo ni "Naomba kupatiwa".

Ndiyo maana safu ya "nani kwa nani" haipaswi kurukwa. Kando ya "Naomba uvute subira" mama anaandika: anayedaiwa kwa anayedai. Hiyo inamzuia kumwambia hivyo wakala, maana wakala ndiye anayesubiriwa. Lakini pia inamwonyesha pa kuutumia, kwa mafundi wanaomdai vigae huko Bujumbura. Kwao yeye ndiye aliyechelewa.

Safu hiyohiyo hushika pia daraja la lugha. Wakala yuleyule anaweza kumwandikia rafiki yake "Mkuu cjapata, 2ongee bdae", na hakuna ubaya kati yao. Ukilichukua umbo hilo ukalipeleka kwa meneja wa benki, utaonekana mtu wa mzaha. Aidha, si kila anayejibu anaandika vizuri. Pengine naye Kiswahili ni lugha yake ya pili, au kidole kimeteleza kwenye simu. Kwa hiyo sentensi mpya hubaki na alama ya kuuliza pembeni mpaka ionekane kwa mtu wa pili asiyejuana na wa kwanza. "Samahani kwa kuchelewa kukujibu" haitakawia kuthibitishwa. Ile iliyokaa na alama yake miezi miwili huenda ni mtindo wa mtu mmoja tu, au kosa.

Kuna na misemo ambayo maneno yake ni mepesi lakini maana imejificha. "Tutalifanyia kazi" husomeka kama ahadi. Mara nyingi ni njia ya heshima ya kufunga mazungumzo bila kuahidi chochote. Anayeiandika daftarini arudi wiki mbili baadaye na kuongeza kilichotokea baada ya kuambiwa hivyo. Akiona mara tatu mfululizo hakikutokea kitu, ameshajua maana yake, na atafikiri mara mbili kabla ya kumwandikia mteja anayemtegemea.

Wiki tatu baadaye

Msemo uliolala daftarini bila kutumika husahaulika, kwa hiyo mama amejiwekea utaratibu: kila ujumbe mrefu anaoandika uwe na msemo mmoja mpya, si zaidi. Akiweka mitano kwa mpigo, ujumbe unakuwa kama nguo ya viraka. Mzigo wa pili ulipokwama, alimwandikia wakala hivi:

"Salaam kaka, habari za tangu wiki iliyopita? Ujumbe wako wa jana nimeupata, asante. Naomba kujua kama nyaraka za vigae zimeshatoka. Kama bado hazijatoka, zikitoka tu naomba unijulishe."

Mtu akiuweka kando ya ule wa Jumatatu ya kwanza ataona kwamba karibu kila kipande kimetoka kwa wakala mwenyewe, ila kimegeuzwa upande. "Nitakutumia" imekuwa "naomba unijulishe". "Naomba kujua kama" ilitoka kwenye jibu la mtu mwingine, karani wa malori, na ilikaa siku tisa na alama ya kuuliza kabla haijafutiwa.

Siku hiyohiyo fundi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaosifika kwa Kiswahili, alimwuliza kwa mara ya nne vigae vyake viko wapi. Mama akafungua ukurasa wa kutuliza, akaandika: "Samahani kwa kuchelewa. Vigae bado havijatoka bandarini, vikitoka tu nitakujulisha. Naomba uvute subira."

Jibu lilirudi kabla hajaiweka simu chini: "Subira nimeivuta, mama, mpaka imekatika."

Alicheka peke yake dukani, kisha akatafuta kalamu. Ukurasa wa kulalamika kwa utani haukuwepo, ikabidi aufungue. Aliandika sentensi yote, tarehe, na pembeni: mteja kwa muuzaji, wanaojuana. Akaweka na alama ya kuuliza.